Kushuka JKIA na Kupanda Ndege Wilson Siku Hiyohiyo: Mwongozo kwa Msafiri Anayetoka Kigoma

Watu wa Kigoma wanaofanya kazi katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta hualikwa mara kwa mara kwenye mafunzo Kakuma, katika Kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Safari hiyo ina kipande kimoja ambacho kwenye karatasi huonekana chepesi kuliko kilivyo: ndege ya kutoka Dar es Salaam hutua katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, unaojulikana kama JKIA, ulioko Embakasi, ilhali ndege nyingi za Lodwar huondokea Wilson, uwanja mwingine kabisa, kando ya Barabara ya Lang'ata. Viwanja vyote viwili viko Nairobi na haviachani hata kwa kilomita 20, lakini kati yake kuna dawati la uhamiaji, mkanda wa mizigo, forodha na foleni ya magari. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukivuka kipande hicho kwa siku moja, kwa mfano wa mtu anayekwenda Lodwar, ingawa hatua nyingi ni zilezile kwa anayekwenda Lamu au Maasai Mara.

Kabla ya kulipa: soma herufi tatu

Kila uwanja una herufi zake tatu kwenye tiketi. Kigoma ni TKQ, Tabora ni TBO, Dar es Salaam ni DAR, JKIA ni NBO, Wilson ni WIL na Lodwar ni LOK. Tatizo ni kwamba tovuti nyingi za kuuza tiketi huchukulia NBO kuwa ni jiji zima la Nairobi, kwa hiyo ukitafuta safari ya kutoka DAR hadi LOK unaweza kuletewa ndege mbili zilizounganishwa kana kwamba utatembea kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Fungua maelezo ya kila ndege na uangalie jambo moja tu: herufi za mahali inapotua ya kwanza zinalingana na herufi za mahali inapoondokea ya pili? Ikiwa ya kwanza inaishia NBO na ya pili inaanzia WIL, unabadili uwanja, na muda uliooneshwa hapo kati si wa kupumzika.

Kabla hujakubali hali hiyo, tazama kama unaweza kuiepuka. Miji mikubwa ya Kenya kama Mombasa, Kisumu na Eldoret ina ndege zinazoondokea JKIA penyewe, na yapo mashirika ambayo kwa baadhi ya maeneo huondokea JKIA kwa siku fulani na Wilson kwa siku nyingine. Tiketi inayoondokea JKIA, hata ikizidi bei kidogo, kwa maoni yangu ina thamani kuliko nafuu utakayoipata Wilson, kwa sababu nauli ya teksi na saa mbili za wasiwasi nazo ni gharama. Wilson ichaguliwe pale ambapo hakuna njia nyingine, na kwa Lodwar mara nyingi ndivyo hali inavyokuwa.

Jambo la pili la kuamua ni kama utanunua tiketi moja au mbili. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali maana yake ni kwamba shirika la pili halikujui mpaka utakaposimama mbele ya kaunta yake. Ukichelewa kwa kosa la shirika la kwanza, hilo la pili halina wajibu wa kukusubiri wala kukupa nafasi nyingine bure. Kama wakala wako anaweza kuziweka ndege zote mbili katika tiketi moja, kwa mashirika yenye makubaliano, mwambie afanye hivyo na umwulize waziwazi ni nani atakayekubadilishia safari ya kwanza ikichelewa. Jibu lake liwe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu.

Kupanga saa kwa kurudi nyuma

Wasafiri wengi huhesabu kwenda mbele: natua saa nne, nina saa mbili, zinatosha. Njia iliyo salama ni kuanzia kwenye ndege ya pili na kurudi nyuma. Tuchukue kwamba ndege ya Wilson inaondoka 14:00, yaani saa nane mchana. Kaunta za Wilson kwa kawaida hutaka abiria awepo saa moja kabla, na mara nyingi hufungwa nusu saa kabla ya kuruka. Kwa hiyo lengo lako ni kuwa ndani ya Wilson saa saba.

Ondoa sasa mwendo wa gari. Barabara ikiwa nyeupe, dereva hukufikisha kwa muda wa nusu saa hivi, lakini hiyo si Nairobi ya kupangia safari. Tenga saa moja na nusu. Maana yake uwe umekaa ndani ya gari saa tano na nusu. Kabla ya gari kuna uhamiaji, mzigo, forodha na kubadili fedha, mambo ambayo kwa pamoja huchukua saa moja na nusu ikiwa ndege kubwa mbili au tatu zimetua kwa wakati mmoja na ndege yako. Hesabu inakuleta saa nne asubuhi, na hiyo ndiyo saa ya mwisho ambayo magurudumu yanapaswa kugusa ardhi JKIA. Kutoka kutua hadi kuruka ni saa nne kamili. Ukipewa pengo la saa tatu, kataa, isipokuwa huna begi la kupakia na unaijua njia. Ukipewa saa tano, usinung'unike.

Hesabu hiyo ina sharti jingine. Safari ya ndege kati ya Dar es Salaam na Nairobi ni ya saa moja na dakika kama ishirini, na saa za nchi hizi mbili ni zilezile, kwa hiyo ili utue saa nne ni lazima uruke kutoka Dar kabla ya saa tatu asubuhi. Hakuna ndege ya kutoka Kigoma itakayokuwahisha hapo. Siku ya kwanza, basi, ni ya Kigoma hadi Dar es Salaam na kulala. "Siku hiyohiyo" inaanzia Dar. Anayelazimisha kuunganisha Kigoma, Dar, JKIA na Wilson katika jua moja anaweka vituo vitatu katika safari ambayo kuchelewa kwa kimoja huangusha vyote vinavyofuata.

Usichague ndege ya mwisho ya siku kutoka Wilson ikiwa ipo ya mapema ambayo bado inakuachia saa nne. Vijiwanja vingi vinavyohudumiwa na Wilson havina taa za njia ya kurukia, na ndege zake hutegemea mwanga wa mchana, kwa hiyo ndege ya jioni ikikuacha hakuna nyingine itakayokuchukua usiku. Kwa anayekwenda Kakuma kuna sababu ya ziada: kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita 120 hivi kwa barabara, na hakuna mwajiri makini atakayeruhusu gari lake kutembea huko gizani. Ukiruka Wilson saa nane, unatua Lodwar baada ya saa tisa na unafika Kakuma kabla ya magharibi. Ukiruka saa kumi, jiandae kulala Lodwar.

Mzigo: kilo 15, begi laini

Hapa ndipo watu wa kwetu hukwama. Shirika lililokutoa Dar huenda lilikuruhusu kilo 23 au hata mabegi mawili, lakini ndege ndogo za Wilson mara nyingi huruhusu kilo 15 tu, na katika baadhi yake kilo hizo ni pamoja na begi la mkononi. Tena begi linatakiwa liwe laini, la kitambaa, kwa sababu sehemu ya mizigo ya ndege kama Cessna Caravan iko chini ya tumbo lake na sanduku gumu la magurudumu haliingii hata kama ni jepesi. Panga mzigo wa safari nzima kwa kipimo cha ndege iliyo ndogo kuliko zote, na uupime nyumbani. Kilo za ziada kwenye ndege kubwa hulipiwa. Kwenye ndege ndogo zinaweza kukataliwa kabisa, kwa kuwa rubani anahesabu uzito wa kila kitu kilichomo, abiria wakiwemo.

Halafu kuna zawadi. Mtu wa Kigoma hasafiri mikono mitupu, na kilo tano za dagaa pamoja na kidumu cha mawese ni heshima kwa mwenyeji. Lakini mawese yakipata joto hupenya hata kifuniko kilichobanwa, na mkaguzi akiona begi lenye doa jekundu ana kila haki ya kulizuia. Yaache nyumbani. Dagaa wakaushwe vizuri, wafungwe kwenye karatasi nzito kisha kwenye chombo chenye kifuniko, na wasiwe ndani ya mfuko wa plastiki wa kubebea: Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, hata kabla ya Tanzania, iliyofanya hivyo Juni 2019. Ukikuta mfuko wa namna hiyo ndani ya begi lako, hata ule wa dukani uwanjani, utoe kabla ya kutoka JKIA. Afisa wa forodha akikuuliza umebeba nini, mwambie samaki wakavu na umfungulie. Kuficha ndiko kunakokula muda.

Asubuhi ya safari, Dar es Salaam

Ndege za kimataifa huondokea Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere, lililofunguliwa 2019, na si lile la pili ambalo wengi huzoea kushukia wakitoka Kigoma. Majengo hayo hayafuatani kwa miguu. Dereva wa teksi ajue mapema unakwenda lipi.

Kwenye kaunta, begi lako likishafungwa lebo, soma herufi zilizoandikwa juu yake kabla halijaondoka kwenye mkanda. Ziwe NBO. Wakati mwingine mhudumu, kwa nia njema, akiona unaendelea hadi Lodwar hukwambia kwamba begi litafika huko lenyewe. Usikubali bila kuona kwa macho, kwa sababu begi halina njia ya kuvuka jiji peke yake: ama unalichukua wewe JKIA, ama linabaki JKIA. Piga picha ya kipande cha lebo ulichobakishiwa na ya begi lenyewe. Likipotea, picha hizo zitafupisha maelezo yako.

Mkononi, si ndani ya begi la kupakia, uwe na pasipoti, tiketi ya Wilson iliyochapishwa, barua ya mwaliko na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Raia wa Tanzania haombi viza wala kile kibali cha mtandaoni ambacho Kenya ilikianzisha Januari 2024, kwa kuwa Tanzania, kama nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, imesamehewa. Kitambulisho cha NIDA, hata hivyo, hakichukui nafasi ya pasipoti.

Kutoka JKIA

Ukiwa na begi la mkononi tu, keti mbele ya ndege ikiwezekana, kwa maana nafasi yako katika mstari wa uhamiaji huamuliwa na dakika tano za kwanza. Afisa atachukua alama za vidole na atauliza unakwenda wapi. Jibu fupi lenye karatasi hutosha: "Naenda Lodwar leo mchana kupitia Wilson, mafunzo, nakaa siku sita." Mpe tiketi ya Wilson na barua.

Ukiwa unangoja begi, washa simu na upige kwenye namba ya shirika la Wilson. Waambie umetua, na uulize mambo mawili: ndege bado ni saa ileile? Na kaunta yenu iko jengo lipi? Swali la pili si la adabu tu. Wilson haina jengo moja kubwa la abiria kama JKIA. Ni mkusanyiko wa mahanga ya kuhifadhia ndege na ofisi kando ya njia za kurukia, na mashirika kadhaa yana jengo lake na sehemu yake ya kungojea. Dereva akikuteremsha kwenye jengo la shirika jingine, unaweza kupoteza robo saa ukiburura begi ndani ya uwanja ambao umeshaufikia.

Badilisha fedha kidogo tu hapo uwanjani. Shilingi 3,000 za Kenya mkononi zinatosha kwa gari, maji na dharura ndogo, na zinakuondolea utegemezi wa M-Pesa, kwa kuwa laini yako ya Tanzania haitamlipa dereva wa Nairobi kwa urahisi unaoufikiria.

Barabara

Chukua gari lililoagizwa kwa simu au teksi ya uwanjani, na mkubaliane bei kabla ya mlango kufungwa. Matatu namba 34 zipo na ni rahisi, lakini huelekea katikati ya mji, ambako utalazimika kutafuta nyingine ya Lang'ata ukiwa na begi begani. Hiyo ni njia ya mtu asiye na ndege siku hiyo.

Dereva ana njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni Barabara ya Mombasa hadi karibu na Uwanja wa Nyayo, kisha kushoto kuingia Barabara ya Lang'ata. Ya pili ni kuishika ile ya mchepuko wa kusini inayopita kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi na kutokea upande wa Lang'ata, karibu kabisa na Wilson. Mwombe atazame ramani ya foleni kabla ya kuchagua, lakini ukiona anasitasita, elekea mchepuko. Ile barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa 2022 husaidia kwa kipande cha mwanzo tu, kwa sababu inakwenda Westlands na haifiki Lang'ata. Kubali kulipa ikiwa chini pamesimama. Pikipiki haziruhusiwi juu yake, na bodaboda yenye begi la kilo 15 si jambo ninaloshauri hata foleni ikiwa mbaya kiasi gani.

Dalili kwamba unachelewa ni hii: kama saa sita na nusu imefika na bado hamjaondoka kwenye Barabara ya Mombasa, piga simu Wilson hapohapo. Usingoje kufika. Mashirika mengi humtendea kwa upole abiria aliyepiga simu kabla kaunta haijafungwa, akaomba kuhamishiwa ndege inayofuata. Asiyetokea bila taarifa huhesabiwa kuwa ameiacha safari, na mara nyingi tiketi yake ya kurudi nayo hufutwa pamoja na hiyo.

Amua pia mapema, ukiwa bado Dar, saa ya kukata tamaa. Katika mfano wetu ni saa tano na nusu: kama wakati huo ndege yako haijatua JKIA, acha mbio, hamisha tiketi ya Wilson iwe ya kesho asubuhi, na ulale South C au Nairobi West, mitaa iliyo jirani na Wilson. Kulala karibu na JKIA kungekurudisha kwenye tatizo lilelile asubuhi, wakati foleni ni kubwa zaidi.

Kurudi: Wilson kwenda JKIA

Upande wa kurudi una sehemu nyepesi na sehemu nzito. Wilson hutoki nchini, hivyo hakuna uhamiaji, na begi huletwa kwa mkokoteni ndani ya dakika chache. Uzito uko mbele. Ndege za Lodwar za mchana hutua Wilson wakati Barabara ya Mombasa inaanza kujaa, kati ya saa kumi na saa mbili usiku, na JKIA ina ukaguzi wa aina mbili: kwenye lango la magari, ambapo abiria huteremka na kupita kwa miguu kwenye mashine, na tena mlangoni mwa jengo. Mwulize mhudumu wa ndege yako jengo ni lipi, 1A au jingine, na umwambie dereva kabla ya lango, kwa kuwa kuzunguka tena ni kazi.

Kaunta za safari za kimataifa kwa kawaida hufungwa saa moja kabla. Ukitua Wilson saa kumi jioni, ndege ya Dar isiwe kabla ya saa tatu usiku. Mvua ikinyesha, hata hizo saa tano huwa ni za kutumia zote, basi usisimame njiani kununua zawadi.

Ukifika Dar, dawati la afya huweza kukuomba kadi ya njano kabla ya uhamiaji, kwa kuwa unatoka Kenya, nchi inayohesabiwa kuwa na homa hiyo. Chanjo huhesabiwa kuwa halali kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo asiye na kadi aende hospitali ya mkoa, Maweni kwa aliye Kigoma, kuulizia mahali inapotolewa angalau wiki mbili kabla ya kuondoka. Ndege ya kurudi Kigoma iwe ya kesho yake.